Chupa ya Mzee Cheche

Ukipita kwenye safu yetu ya mafundi asubuhi, kabla misumeno ya umeme haijaanza kupiga kelele, utasikia kwanza kikohozi cha Mzee Cheche. Si kikohozi cha ugonjwa. Ni cha kutangaza kwamba amefika, kama wengine wanavyopiga hodi. Anakohoa mara mbili, anafungua kufuli, anavuta mashine yake ya kuchomelea mpaka mlangoni, kisha anasimama kuitazama kama mtu anayemtazama ng'ombe wake wa maziwa. Hapo ndipo ananisalimia.

"Kamba, umeamka?"

"Nimeamka, ila mgongo bado."

"Uache ulale. Uliuchosha jana."

Mimi nashona viti vya kamba, ndiyo maana ananiita hivyo. Kibanda changu na karakana yake vimetenganishwa na ukuta wa mabati wenye matundu, kwa hiyo kwa miaka mingi nimesikia kila anachosema na yeye amesikia kila ninachosema, hata nikiwa nasema peke yangu. Na mimi husema peke yangu sana.

Ni mtu mrefu, mkavu, mwenye mashati yaliyotobolewa na cheche mpaka mkewe ameacha kuyashona. Mageti mengi ya mtaa huu ni kazi ya mikono yake, na madirisha, na ngazi. Hatazami tu anapochomelea, anasikiliza. Aliwahi kuniambia kwamba moto ukikaanga kama vitunguu kwenye mafuta ujue chuma kimeshikana, na ukianza kutema mate ujue mkono wako umekwenda upogo. Nilidhani ananitania, lakini siku moja nilifumba macho nikasikiliza, na kweli, vitunguu vitupu.

Lakini sifa yake hasa haikuwa mageti. Ilikuwa chupa.

Nieleze kidogo, maana asiyefanya kazi karibu na moto huu huenda hajui. Mwanga wa kuchomelea ukikupata machoni bila kioo cheusi, hapohapo husikii kitu. Unaona duara la kijani kwa dakika mbili tatu, linaondoka, unaendelea na shughuli zako, unakula, unacheka. Zinapita saa sita, saa nane, hata kumi. Kisha ndipo deni linapodaiwa. Macho yanakuwa kama yamemwagiwa mchanga na mchanga wenyewe una pilipili. Yanatoa machozi, yanavimba kope, na taa ndogo tu ya kibatari inakuchoma kama msumari. Mafundi wanasema mtu "amepigwa". Nimeona mtu mwenye kifua kama mlango amekaa chini analia kama kafiwa, kwa sababu amepigwa.

Sasa watu wa safu yetu wakipigwa walikuwa na dawa zao. Mmoja alibandika vipande vya viazi, mwingine alitia maziwa, mwingine majani ya chai. Lakini wote mwishowe walikuja kwa Mzee Cheche. Yeye alikuwa na kichupa kidogo cha plastiki, kirefu kama kidole gumba, ambacho kwa mara ya kwanza alipewa na shemeji yake aliyekuwa mfagiaji wa hospitali. Kikiisha alijua duka la dawa la kumpatia kingine bila maswali. Alikifungia ndani ya sanduku la vifaa, amekivingirisha kwenye kitambaa safi. Mtu akija anaongozwa na mwenzake, macho yameng'ang'ania kufumba, Mzee Cheche anamkalisha, anamwinua kidevu, anamfungua kope kwa kidole cha mwisho kwa sababu ndicho kisicho na sugu, na anadondosha tone moja kila jicho.

"Hesabu mpaka ishirini."

Mtu hafiki kumi na tano. Anafungua macho, anatazama huku na huku kama aliyefufuka. "Mzee, wewe si fundi, wewe ni daktari!"

"Nenda ukalale. Na mwambie mwenzako ulikuwa unalia kwa furaha."

Alikuwa hachukui chochote. Alifanya kwa huruma, nasema hivi mbele ya yeyote. Na kichupa kilirudi sandukuni kila mara. Tone moja, pengine mawili, basi. Kilidumu miezi mitatu, minne.

Mwaka ule mtoto wake wa kiume, dereva wa malori ya safari ndefu, alioa. Wiki ya tatu akaitwa barabarani, akamwacha mkewe nyumbani kwa wazazi. Binti mwenyewe alikuwa mkimya, si mkimya wa kununa, mkimya wa kutazama. Mikono yake haikukaa. Alifagia mpaka uani kukawa hakuna cha kufagia, akaanza kumletea mkwewe chakula cha mchana karakanani, akawa anachelewa kurudi. Siku moja nikamsikia kupitia matundu ya bati.

"Baba, hiki kipande umekikata kimezidi."

Nikaacha sindano yangu hewani. Hakuna mtu wa safu yetu aliyewahi kumwambia Mzee Cheche kwamba amekata kitu kikazidi.

"Kimezidi kiasi gani?"

"Milimita nne."

Akapima upya. Akakohoa. "Milimita nne," akasema. "Shika hapa."

Na ndivyo alivyoanza kazi. Macho ya mzee yalikuwa yameanza kuchoka kwenye vistari vidogo vya utepe wa kupimia, na ya binti yalikuwa makali. Alipima, alikata, alisugua kutu, alipaka rangi, alishika chuma mzee anapokichomelea. Mzee alikuwa na ngao moja tu ya kioo cheusi, na aliivaa yeye. Mpango wao ulikuwa huu: binti anashika, mzee anapiga kelele "Geuka!", binti anageuza uso upande mwingine na kufumba, ndipo moto unawaka. Kutwa nzima nilisikia geuka, geuka, geuka, mpaka na mimi nikawa nageuka kibandani kwangu.

Lazima niseme pia jinsi walivyokuwa wakiishi, kwa sababu ndipo kisa kilipo. Mkwe na baba mkwe ni watu wa heshima. Binti hakumtazama usoni. Hakula mbele yake. Alipokuwa na haja alimwambia mama mkwe, na mama mkwe akaisogeza. Naye mzee hakumuuliza neno la mwilini mwake, umechoka, unaumwa, hapana, alimuuliza mkewe, "Mkweo hajambo?" Juu ya chuma walizungumza kama marafiki. Juu ya kingine chochote walizungumza kupitia mtu wa tatu.

Ikaja kazi ya tangi. Tangi la maji la zahanati moja ndogo, la bati zito lisiloshika kutu, linalong'aa mpaka unaona meno yako. Lilikuwa limefika nusu, kama pipa kubwa lililokatwa ubavu, na mbavu zilitakiwa kuunganishwa. Jumatatu asubuhi binti alisimama upande wa ndani kushika, mzee akawa nje. Geuka! Akageuka. Wapi? Akageukia upande wa pili wa tangi. Na upande wa pili wa tangi ulikuwa kioo. Moto ukawaka nyuma yake, ukagonga bati, ukamrudia usoni. Alifumba, ndiyo, lakini nani anaweza kufumba saa nne mfululizo na mkono umeshika bati linaloteleza? Alichungulia. Kila mara kidogo tu. Alikuwa na miwani ya jua ya sokoni, na aliiamini. Miwani ile ina mapengo pande zote, na kioo chake kwa mwanga wa kazi hii ni kama kujikinga mvua kwa chujio.

Walimaliza saa sita mchana. Binti akapaka rangi miguu ya tangi, akaimba kidogo, akaenda nyumbani.

Jua lilipokuwa linazama, mke wa Mzee Cheche, mama mnene mwenye magoti mabovu na ulimi mzima kabisa, akamwona mkwewe ameegemea ukuta wa jiko, kanga ameikandamiza usoni.

"Moshi?" akamuuliza.

"Moshi, mama."

"Moto haujawashwa, mwanangu."

Mzee alipoambiwa hakuhitaji kumwona. Alijua. Alirudi karakanani kwa haraka, nilikuwa nafunga, akafungua sanduku, akachukua kitambaa chake. Uso wake ulikuwa mbaya.

"Nimempiga mtoto wa watu, Kamba."

"Si una dawa yako?"

"Ndiyo," akasema. "Bahati ipo dawa."

Hakumdondoshea mwenyewe. Angeinua vipi kidevu cha mkwewe? Alimpa mkewe, mkewe akadondosha. Hesabu mpaka ishirini. Binti akafungua macho, akashusha pumzi, akasema ahsante. Na mzee, akiwa amesimama nje ya pazia, akafanya kitu ambacho hakuwahi kumfanyia fundi hata mmoja. Akasema, "Mwachie chupa. Mwambie akisikia maumivu, aweke."

Aliona ni huruma. Hao wengine walikuwa watu wa nje, huyu alikuwa mwana. Matone mawili kwa watu wa nje, chupa nzima kwa mwana.

Dawa ile ilikuwa inafanya kazi nusu saa, ikizidi sana saa moja. Kisha mchanga ulirudi. Binti akaweka. Ukarudi, akaweka. Baba mkwe amesema akisikia maumivu aweke, na maumivu aliyasikia, basi aliweka. Jumanne hakuja karakanani lakini alifua nguo juani, maana hakuna kilichomuuma. Alipojisikia kama kuna unyasi jichoni alisugua. Jumatano vivyo hivyo. Mzee aliuliza, "Mkweo hajambo?" Mkewe akaenda kuuliza, binti akajibu, "Sijambo, mama." Angesemaje? Aseme dawa ya baba haiponyeshi? Sijambo ikarudi kwa mzee, mzee akaridhika. Nilimsikia anapiga mluzi.

Wenyewe hatukujua, lakini mtu aliyepigwa kawaida Jumatano angekuwa ameshasahau. Siku moja, mbili, jicho linajitengeneza. Hivyo ndivyo wale mafundi wote walivyopona, si kwa chupa, bali kwa kwenda kulala.

Alhamisi asubuhi mama mwenye magoti mabovu alikuja mwenyewe mpaka karakanani. Hiyo peke yake ilinitisha, maana alikuwa hajafika pale tangu mwaka uliotangulia.

"Mkweo anaomba chupa nyingine."

"Nyingine ya nini?"

"Ile imekwisha."

Mzee alikuwa ameshika nyundo. Akaiweka chini polepole, kama kitu cha kuvunjika.

"Imekwisha? Ile ilikuwa imejaa."

"Imekwisha. Nimeikamua mwenyewe, imetoa upepo. Na tena, baba watoto, jicho lake la kushoto lina kitu. Lina weupe. Anasema anaona kama kuna mvuke umeganda kwenye kioo."

Nilichungulia kwenye tundu. Mzee alikuwa anatazama vidole vyake, anahesabu. Chupa ya miezi mitatu, siku tatu. Kwa mara ya kwanza nadhani alijiuliza kile kitu kilikuwa nini hasa. Miaka ishirini alikuwa anakidondosha kwenye macho ya watu na hakuwahi kusoma maandishi yake, kwanza ni madogo, pili ni ya lugha ambayo sisi wawili tuliikimbia darasa la sita.

Ikabidi kwenda kliniki ya macho. Mama na magoti yake asingefika, mume yuko barabarani, basi ilikuwa yeye na mkwewe. Binti hawezi kufungua macho kwa mwanga, amefunikwa kanga kichwa kizima. Amshike mkono? Mzee akasimama uani akizunguka kama kuku anayetafuta pa kutagia. Mwishowe akachukua utepe wake wa kupimia, akauvuta, akampa ncha. "Shika hapa," akasema, kama karakanani. Na ndivyo walivyopita mtaani, yeye mbele na kasha la utepe, binti nyuma na ncha, mita moja kati yao. Watu walicheka. Mmoja akasema, "Mzee, unapima barabara?" Mzee akazidi kutembea. Mimi nilifuata nyuma kwa sababu ningekaa kibandani ningefanya nini.

Nesi wa macho alikuwa mwanamke mfupi mwenye sauti ya kuamuru foleni. Alimkalisha binti, akazima taa kubwa, akamfungua kope. Akasema, "Nitaweka ganzi kidogo ili niweze kukuangalia." Akachukua kichupa kwenye trei. Mzee Cheche alikuwa mlangoni. Akakiona. Nami nikakiona. Kilikuwa kilekile, kirefu kama kidole gumba.

Nesi akaweka na rangi ya manjano kwa kikaratasi, akawasha taa ya buluu, akainama kwenye mashine yake. Akanyamaza muda mrefu kwa mtu wa sauti ile.

"Alichomelea lini?"

"Jumatatu asubuhi," mzee akasema.

"Leo Alhamisi. La kulia lina alama, litapona. La kushoto lina kidonda kipana katikati, na kimeanza kuweka weupe. Mwanga wa kuchomelea peke yake haufanyi hivi. Amekuwa akiweka nini?"

Binti akawahi. "Maji tu."

Hapo nataka msomaji aelewe. Alimlinda. Macho yake mwenyewe yapo kwenye mizani, na alimlinda mzee asiaibike mbele ya mtu wa serikali. Na mzee alikuwa na njia. Maji tu, angetikisa kichwa, tungeenda nyumbani na jina lake la udaktari.

Alikohoa mara mbili.

"Siyo maji," akasema. "Ameweka hiyo uliyoshika. Chupa nzima, siku tatu. Mimi ndiye niliyempa."

Nesi aligeuka na kiti chake. Nilingoja ngurumo. Lakini alimtazama yule mzee, shati lake lenye matundu, utepe bado mkononi, na akateremsha sauti.

"Mzee wangu, njoo utazame."

Akamweka kwenye mashine. Sijui aliona nini, mimi sikuitwa, lakini aliniambia baadaye: jicho lilikuwa kama kioo cha saa, na katikati kulikuwa na ziwa la kijani linalowaka.

"Hiyo ya mbele ni ngozi nyembamba kuliko karatasi," nesi akamweleza. "Mwanga unaouona siyo unaochoma. Upo mwingine usioonekana, hata juani upo, ila kwenye moto wenu ni mkali mno. Unaichoma hii ngozi kama jua linavyochoma mgongo. Haiumi mara moja. Inakufa taratibu, saa kadhaa, halafu inabanduka na mishipa ya fahamu inabaki uchi. Ndiyo mchanga wenu. Lakini ngozi hii ina haraka ya kuota, ukiiacha. Siku moja, mbili, imefunika."

"Na hii dawa?"

"Hii ni ganzi. Haiponyi kitu. Mimi naiweka mara moja, kutazama tu, na haitoki humu ndani. Jicho lenye ganzi halijui kupepesa wala kulia, linasuguliwa lisijue. Na yenyewe inaizuia ngozi kuota. Kila alipoweka, alibandua kilichoanza kufunika."

Mzee alishika ukingo wa meza. "Miaka ishirini," akasema.

"Hao waliweka mara moja wakalala. Bahati yao. Huyu amekuwa mtiifu."

Akampa tyubu ya mafuta ya kuzuia vijidudu, matone ya kupanua mboni ili jicho lipumzike, na vidonge vya maumivu vya kumeza. Chumba cha giza. Kitambaa cha maji baridi juu ya kope zilizofungwa. Hakuna kusugua, hakuna viazi, hakuna maziwa. Arudi kila siku. "Kesho kutwa kidonda kikiwa hakijapungua, nawapeleka hospitali kubwa. Sitawaficha, kikiacha kovu hapo katikati, jicho hilo litaona ukungu maisha yote. Na usiku huu utakuwa mgumu. Ganzi ikiisha, atasikia yote ya siku tatu kwa pamoja. Asipewe tone. Hata moja."

Nilikwenda nao mpaka nyumbani, na mama mnene hakuniruhusu kuondoka, alisema anahitaji mtu wa kumzuia mumewe asijing'ate. Wakatundika shuka zito dirishani kwenye chumba cha binti. Pazia mlangoni. Mama ndani na beseni, mzee nje ya pazia juu ya kigoda, mimi kwenye ukingo wa veranda.

Haukupita muda mrefu, ikaanza. Kwanza ilikuwa pumzi tu, ya mtu anayepanda mlima. Kisha mguu ukawa unagonga kitanda, taratibu, tap, tap. Mzee alikunja utepe na kukunjua. Mama akatoka kubadilisha maji, akamwambia, "Usiniangalie hivyo, mimi siyo dawa."

Kisha sauti ikatoka nyuma ya pazia, nyembamba sana.

"Baba."

Hakuwahi kumwita kwa jambo lisilo la chuma. Mzee akasimama.

"Naam, mwanangu."

"Moja tu. Nipate kulala. Nitaomba moja tu, sitaomba tena."

Na mimi nilijua, maana alikuwa ameniambia njiani kwa aibu, kwamba kwenye sanduku lake kulikuwa na chupa nyingine. Haijafunguliwa. Alinunua mbili kwa pamoja. Hatua mia mbili kutoka pale. Alinitazama, na ningeapa miguu yake ilikuwa imeshaondoka.

"Hapana," akasema.

Nyuma ya pazia mguu ukagonga kitanda tena.

"Nakunyima, mwanangu. Nilipokupa nilikosa, sasa nakunyima. Ukinichukia ni haki yako."

"Sikuchukii, Baba. Inauma."

"Inauma wapi? Nieleze." Na akakaa chini kabisa, sakafuni, mgongo kwenye fremu ya mlango. Nilimwona anashangaa mwenyewe kwa swali lake.

Akamweleza. Kwa muda mrefu, kwa mapumziko, kama anavyosoma vipimo: la kushoto zaidi kuliko la kulia, kwa juu, kila kope linaposogea. Mzee akawa anamwambia mkewe, kitambaa kimepata moto, badilisha. Mpe kidonge, saa imefika. Usifungue macho, mwanangu, acha kope ziwe bandeji. Na katikati akamsimulia alivyopigwa yeye mara ya kwanza, akiwa kijana, akajitumbukiza kichwa kizima kwenye pipa la maji ya kupozea chuma, akatoka na uso mweusi wa masizi, na mama yake mwenyewe akamfukuza mlangoni akidhani ni mwizi.

Nyuma ya pazia kikatoka kitu. Nikadhani ni kilio. Kilikuwa kicheko, kidogo, chenye maumivu.

"Usinichekeshe, Baba. Kucheka kunauma pia."

"Basi nitakusimulia habari za Kamba. Hazichekeshi."

Nililala palepale ukingoni, na nilipoamka alikuwa bado anasimulia.

Ijumaa nesi alitazama, akaguna. Jumamosi alitazama, akachora kwenye kitabu chake duara, na ndani yake duara dogo zaidi. "Kinapungua. Hamwendi hospitali kubwa kwanza." Mzee aliuliza kama anaweza kuona tena lile ziwa. Akaona. Akasema lilikuwa limekuwa kidimbwi.

Chupa isiyofunguliwa aliipeleka kwa nesi siku hiyohiyo, akaiweka mezani bila maelezo, kisha akapita safu nzima ya mafundi, kibanda kwa kibanda, mimi nyuma yake. Niliwahi kumwona akiwa na homa, sikuwahi kumwona akiwa mdogo hivyo.

"Ile dawa niliyokuwa nawapa ilikuwa ya kuua maumivu, siyo ya kuponya. Inaharibu jicho. Sina tena, na sitakuwa nayo."

Mafundi hawakupenda. Mmoja akasema, "Sasa daktari umejistaafisha, tukipigwa twende wapi?"

"Kwa nesi. Ukishindwa, giza, maji baridi, kidonge, na uvumilivu wa siku mbili. Na kabla ya hayo yote, vaa kioo."

"Na anayeshika chuma?"

"Naye avae. Kugeuka hakutoshi." Akakohoa. "Mimi ndiye niliyemwambia ageuke."

Hakuna aliyecheka hapo.

Jumatano iliyofuata niliwasindikiza tena. Nesi akaweka rangi, akawasha buluu, akatazama kulia, kushoto, na safari hii hakukaa kimya muda mrefu. "Kimefunga." Kulikuwa na kovu jembamba kama uzi, akasema, ila limeegemea pembeni, mbali na njia ya kuonea. Akamsimamisha binti mbele ya ubao wa herufi, akamziba la kulia. Binti akasoma akishuka, mstari kwa mstari, sauti yake ileile ya milimita. Mstari wa mwisho alikosea herufi mbili.

"Mimi huo siuoni kabisa," nesi akasema. "Nendeni nyumbani. Wiki mbili hakuna moto, na miwani ya kweli juani, siyo ya sokoni."

Walitoka. Jua lilikuwa kali, na binti alisimama kizingitini, mkono juu ya macho. Utepe haukuwepo, nadhani mzee aliusahau karakanani, au hakuusahau. Alisimama kando yake, akatazama barabarani, akakohoa.

"Mwanga unakuumiza?"

Nilidhani atasema hapana, Baba. Ndivyo angesema wiki moja nyuma.

"Unaniumiza kidogo," akasema. "La kushoto zaidi. Tupite upande wenye kivuli."

"Tupite," mzee akasema, na wakavuka.